Ukanushi ukikaa mahali pawili: kwa nini wanafunzi wetu huandika “I didn't see nobody”

Nikisahihisha insha za kidato cha pili, kuna sentensi moja inayonijia kwa sura mbalimbali karibu kila rundo: “When I reached home I didn't find nobody.” Walimu wengi huichora mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba hasi mara hasi ni chanya, kama kwenye hesabu. Mwanafunzi husoma, hutikisa kichwa, na insha ijayo hurudia kosa lile lile. Nadhani tatizo ni maelezo yenyewe. Hayamwambii kosa limetoka wapi, na kwa kweli hayaelezi hata Kiingereza chenyewe.

Tuanze na Kiingereza. Katika karne ya 14 Waingereza walirundika maneno ya kukana ndani ya sentensi moja na hakuna aliyeona ajabu. Fikra ya kwamba kanushi mbili huuana ilikuja kukaziwa na watunzi wa sarufi wa karne ya 18, akiwemo Askofu Robert Lowth katika miaka ya 1760. Hadi leo wapo wasemaji wazawa wa Kiingereza, huko Uingereza na Marekani, ambao nyumbani kwao kukana mara mbili ni jambo la kawaida kabisa, na vijana wetu huwasikia kwenye nyimbo kila siku. Anayesema “I didn't see nobody” hajasema kwamba alimwona mtu, na kila anayemsikia analijua hilo. Kwa hiyo tumwambie mwanafunzi ukweli: hii si hesabu, ni kwamba Kiingereza sanifu, kile cha mtihani na cha barua ya kazi, hakikubali muundo huo.

Baadhi ya wenzangu hudai kwamba kosa linatoka kwenye Kiswahili kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kukana mara mbili. Hapo sikubaliani nao. Ukisema “hakuna asiyejua”, umesema wote wanajua. “Si kwamba sitaki” maana yake ninataka, ila kuna kizuizi. Vikanushi viwili vya Kiswahili, kimoja juu ya kingine, hugeuka kuwa kukubali. Kwa jambo hili lugha yetu ni kali kuliko Kiingereza cha mtaani cha Marekani.

Tofauti iko kwingine. Kiswahili hukana ndani ya kitenzi. Si-, hu-, ha-, hatu- na wenzake hukaa mwanzoni mwa kitenzi, na mara nyingi mwili wa kitenzi nao hubadilika: ninaona huwa sioni, niliona huwa sikuona. Nomino haiguswi. Mtu ni yule yule katika “niliona mtu” na “sikuona mtu”. Hatuna jina la kumtaja mtu asiyekuwepo. Kiingereza kina majina hayo, tena mengi: nobody, nothing, nowhere. Kina uhuru wa kuutoa ukanushi kwenye kitenzi na kuupachika kwenye nomino.

Sasa mtazame mwanafunzi wangu akiwaza. Kichwani ana “nilipofika nyumbani sikukuta mtu”. Anashughulikia kitenzi kwanza, kama lugha yake ilivyomzoesha: “I didn't find”. Mpaka hapo yuko sawa. Amebaki na “mtu”. Anajua nyumba ilikuwa tupu, na kwenye daftari lake la msamiati imeandikwa kwamba nobody ni “hakuna mtu”. Analichukua. Hakujua kwamba “hakuna mtu” si neno la kujaza pengo la nomino. Ni sentensi nzima, na ha- yake imeshakana. Daftari limemuuzia ukanushi wa pili bila kumwambia.

Dawa yake ipo ndani ya Kiswahili. Mwulize mwanafunzi huyo aseme kwa mkazo zaidi, naye atasema: “Sikukuta mtu yeyote.” Hiyo yeyote ndiyo kamba ya kushika. Kitenzi kikishakana, “mtu yeyote” ni anybody, “kitu chochote” ni anything, “mahali popote” ni anywhere. Hapo tafsiri ya neno kwa neno inakubali: “I didn't find anybody.” Akipenda aandike “I found nobody”, lakini basi kitenzi kiachwe bila kukana, jambo ambalo sikio la Kiswahili hulipinga mwanzoni.

Mtego wa pili uko kwa mtenda. “Hakuja mtu yeyote” mwanafunzi huiandika “Anybody did not come”, naye hujitetea kwamba amefuata nilichomfundisha. Na kweli amefuata. Angalia mpangilio. Kiswahili kimetanguliza kitenzi na mtu akafuata nyuma, au kimeanza na “hakuna mtu yeyote aliyekuja”. Kwa njia zote mbili ukanushi umefika mapema na yeyote ikaja baadaye. Kiingereza nacho kinataka any itanguliwe na ukanushi, lakini hakikuruhusu kuanza sentensi ya maelezo na kitenzi. Mtenda lazima akae mbele, basi ukanushi hauna budi kuhamia kwake: “Nobody came.” Ndiyo maana “Hakuna aliyenipa chochote” huwa “Nobody gave me anything”: wa kwanza amebeba mzigo, waliobaki hawana cha kubeba.

Neno linalonikera zaidi kwenye kamusi za wanafunzi ni kamwe. Huandikwa kuwa ni never, basi. Lakini kamwe haikani kitu, inakazia tu kukana kulikokwisha kufanywa na kitenzi: “sitarudi kamwe”. Never inakana yenyewe. Kutoka hapo tunapata “I will not never go back”, kosa ambalo kamusi ndiyo imelipanda.

Kiswahili kina vikanushi vingine ambavyo Kiingereza huvimeza ndani ya kiunganishi. “Usiposoma utafeli” ina -si-, na mwanafunzi aliyefundishwa unless huandika “Unless you don't study, you will fail”, kumbe unless imeshakana. Vivyo hivyo “nawa mikono kabla hujala”. Hu- na -ja- zinaeleza hali ilivyo wakati wa kunawa, kwamba kula bado. Kiingereza kinaona before imetosha, kwa hiyo “before you have not eaten” humwacha Mwingereza ameduwaa, wakati “before you eat” ndiyo aliyoitarajia.

Kuna madhara ya dawa pia. Baada ya somo la yeyote, hupokea insha zenye “I saw anybody at the bus stop”, kwa kuwa mwanafunzi ameamua any ndiyo salama. Hapa huwa sigusi kanuni. Humwambia airudishe sentensi kwenye Kiswahili na kuisoma kwa sauti: “Nilimwona mtu yeyote kituoni.” Kabla hajamaliza anakunja uso, kwa sababu hata kwetu haikai, na mkono unakwenda wenyewe kuandika somebody.