Runinga Haionekani Kwenye Simu? Acha Kulaumu Intaneti

Mtu akilalamika kwamba simu yake imegoma kuungana na runinga, mara nyingi malalamiko yanayofuata ni kwamba intaneti ya nyumbani ni mbovu. Ananunua kifurushi kikubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale. Mimi nasema wazi: katika visa vingi vya aina hii, kasi ya intaneti haina kosa lolote. Kinachokwama ni hatua ya mwanzo kabisa, pale simu na runinga zinapotafutana zisionane. Na watengenezaji wa vifaa hivi wanajua hivyo, lakini wanatuachia ujumbe usiosaidia kitu: "Hakuna kifaa kilichopatikana."

Kabla hujagusa mpangilio wowote, jua kwanza unafanya lipi kati ya mambo mawili, kwa sababu dawa ya moja haitibu lingine. La kwanza ni kurusha. Uko ndani ya programu ya video, unabonyeza kile kialama cha kisanduku chenye vimistari vya mawimbi pembeni, unachagua runinga. Hapo simu haitumi picha yoyote. Inaiambia runinga ni video ipi na ianzie wapi, kisha runinga inaifuata yenyewe kwenye intaneti. Ndiyo maana unaweza kufunga skrini ya simu na filamu ikaendelea kama kawaida. Google Cast, iliyoingia majumbani na Chromecast mwaka 2013, inafanya kazi hivyo.

La pili ni kuakisi skrini, yaani kila kilichopo kwenye simu kionekane kwenye runinga: picha, ujumbe, mchezo, hata kidole kinavyopitisha kurasa. Hapa mzigo wote ni wa simu. Inachukua picha ya skrini yake mfululizo, inazibana na kuzituma bila kupumzika. Miracast, iliyotoka mwaka 2012, hufanya hivyo kwa Wi-Fi Direct: simu na runinga zinaungana zenyewe, bila kupitia ruta na bila kuhitaji intaneti hata kidogo. Na iPhone haina Miracast. Yenyewe hutumia AirPlay. Kwa hiyo mwenye iPhone akiwa na runinga inayojua Miracast peke yake anaweza kuwasha na kuzima vifaa usiku kucha, runinga haitatokea kwenye orodha yake.

Nianze na kurusha, maana huko ndiko malalamiko ya "jana ilikubali, leo imekataa" yanakotoka zaidi.

Ili kurusha kufanikiwe, simu na runinga lazima ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani. Simu inatoa mwito kwa vifaa vyote vya mtandao huo ikiuliza nani anaweza kupokea video, na runinga inajibu. Mwito huo hauvuki kwenda mtandao wa jirani. Usipofika, runinga haipo kwenye orodha, hata kama intaneti ya simu inapaa na ya runinga inapaa pia.

Rafiki yangu mmoja alisumbuliwa na jambo hili kwa muda mrefu. Nyumba yake ni ndefu, ruta ya kampuni ya intaneti iko upande wa vyumba vya kulala, na sebuleni mawimbi yalikuwa hafifu. Fundi akamfungia ruta ya pili sebuleni, akavuta waya kutoka ile ya kwanza, akaipa jina lilelile la Wi-Fi na nywila ileile ili watu wasihangaike. Runinga ikaunganishwa na ruta ya sebuleni. Kuanzia hapo, kurusha kukawa kwa bahati: mara kunakubali, mara runinga haionekani kabisa. Akizima Wi-Fi ya simu na kuiwasha tena akiwa amekaa kwenye kochi, kunakubali. Akaamini simu yake imezeeka.

Tulichofanya ni kusoma anwani mbili tu. Kwenye simu tuliingia Mipangilio, tukafungua Wi-Fi, tukagusa jina la mtandao aliounganishwa nao na kushuka hadi kwenye anwani ya IP. Ilikuwa 192.168.1.14. Kwenye runinga tukafungua sehemu ya mtandao na kutazama hali ya muunganisho: 192.168.0.107. Katika mitandao ya kawaida ya nyumbani, makundi matatu ya mwanzo yanatakiwa yafanane, na tofauti ibaki kwenye namba ya mwisho peke yake. Hapa kundi la tatu lilitofautiana, 1 kwa 0. Ndani ya nyumba moja, chini ya jina moja la Wi-Fi, kulikuwa na mitandao miwili.

Sababu ni tundu la waya. Fundi alichomeka waya kwenye tundu la ruta ya pili lililoandikwa WAN, ambalo huifanya ruta ijione ina nyumba yake na kuanza kugawa anwani zake. Intaneti inapita vizuri, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini simu iliyoshika ruta ya vyumbani haiwezi kuiita runinga iliyo nyuma ya ruta ya sebuleni. Na simu hazina haraka ya kuhama: ukitoka chumbani kwenda sebuleni, simu hung'ang'ania ruta ya kwanza mpaka mawimbi yadhoofike sana. Ukizima na kuwasha Wi-Fi, inachagua upya, inashika iliyo karibu, na runinga inaonekana. Ndiyo siri ya ile "bahati" yake. Tuliingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, tukabadilisha namna yake ya kazi kuwa Access Point, ikaacha kugawa anwani na kazi hiyo ikabaki kwa ruta moja. Simu na runinga zikapata anwani za kundi moja, na orodha ikawa na runinga muda wote, ukae chumba chochote.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kusoma anwani mbili hakugharimu kitu na kunakuonyesha uelekee wapi. Zikitofautiana, usihangaike na simu wala runinga. Nenda kwenye ruta. Zikifanana na runinga bado haionekani, mtuhumiwa wa kwanza ni kuta ambazo ruta huweka kati ya vifaa vyake. Wi-Fi ya wageni kwa kawaida huwekwa hivyo makusudi, kila kifaa kione intaneti lakini kisione kifaa kingine. Kwenye ruta nyingi kuna pia mpangilio unaoitwa AP Isolation au Client Isolation, na ukiwa umewashwa matokeo ni yaleyale. Hotelini na hosteli hufungwa hivyo kwa usalama wa wateja, nami nakubaliana nao. Nisingetaka mgeni wa chumba cha pili arushe video kwenye runinga yangu. Nyumbani kwako, uzime.

Zaidi ya hapo, angalia simu yenyewe. VPN ikiwa imewashwa, mwito wa kuitafuta runinga unaweza kupelekwa nje badala ya kubaki ndani ya nyumba, hivyo izime ujaribu tena. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kila programu inayotaka kutazama mtandao wa ndani lazima ipate ruhusa yako kwanza. Wengi hukataa bila kusoma. Baadaye programu hiyo haioni runinga huku nyingine zikiiona, na hiyo tofauti kati ya programu na programu ndiyo dalili ya kutafuta.

Sasa kuakisi. Hapa runinga huonekana, inaungana, halafu picha inakwamakwama, sauti inatangulia, na baada ya dakika chache kila kitu kinakatika. Kinachosahaulika ni kwamba simu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inatuma picha kwa runinga kupitia Wi-Fi Direct na inashikilia ruta ili ujumbe na video viendelee kuingia. Katika simu nyingi, mtambo wa Wi-Fi hauwezi kusikiliza masafa mawili kwa wakati mmoja. Ruta ikiwa kwenye GHz 5 na runinga ikaungana kwa GHz 2.4, simu inabidi irukeruke kati yao, ikigawa muda huku na kule mara nyingi kila sekunde. Picha inayotakiwa kufika kwa mfululizo inafika kwa vipande.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Acha Wi-Fi ikiwa imewashwa lakini jitoe kwenye mtandao wa ruta, kisha akisi picha zilizomo ndani ya simu. Picha ikitulia, umepata jibu: kugawanyika kwa simu ndiko kulikokuwa kunaharibu. Basi iunganishe simu na ruta kwenye masafa yale ambayo runinga inatumia, au wakati wa kuakisi utumie data ya simu kwa mambo ya intaneti. Ikiendelea kukwama, tazama umbali na msongamano. GHz 2.4 hutumiwa na majirani wote pamoja na Bluetooth, na spika ya Bluetooth inayocheza wakati huohuo inaongeza vurugu.

Skrini kuwa nyeusi huku sauti ikisikika ni suala jingine kabisa. Programu nyingi za filamu za kulipia huzuia picha yao isinaswe kutoka kwenye skrini, na hakuna mpangilio wa ruta utakaoibadili hali hiyo. Programu hiyo ikiwa na kialama cha kurusha, rusha. Runinga itaichukua filamu yenyewe kihalali.

Ndiyo maana nasimama upande wa kurusha kwa yeyote anayetaka kutazama video. Simu haipati moto, betri haiishi, na ubora wa picha hautegemei simu yako ilivyo. Kuakisi nakuachia kwa kile ambacho hakirushiki: kuonyesha picha za familia, kufundisha mtu mzima kutumia programu, kuwasilisha kazi mbele ya watu. Na kwa kuwasilisha kazi mbele ya watu, napendelea waya. Ila usinunue kabla ya kujua kama tundu la USB-C la simu yako linatoa picha, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu zina tundu hilo kwa ajili ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Tafuta kwenye orodha ya sifa za simu neno DisplayPort. Usipoliona, waya wa kawaida wa USB-C kwenda HDMI hautaonyesha kitu.

Ninachowadai watengenezaji ni kidogo. Mara nyingi simu inajua kwamba VPN imewashwa, inajua kwamba programu imenyimwa ruhusa ya mtandao wa ndani, na inaijua anwani yake yenyewe. Iseme hayo pale pale chini ya orodha tupu, na runinga iandike anwani yake na jina la Wi-Fi kwenye ukurasa uleule wa kusubiri kurushiwa, badala ya kuvificha ndani ya menyu nne.