Mabaharia wa Titanic wanasingiziwa

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Msimulizi anatuambia kwamba usiku ule wa Aprili 1912, mabaharia wa Titanic walijiokoa wao kwanza, abiria wakaachwa wazame. Ushahidi wake ni mmoja tu: ukiyagawa makundi ya waliookoka, kundi kubwa kuliko yote ni la mabaharia. Nimetumiwa klipu hiyo na watu ninaowaheshimu, na mmoja wao aliweka chini yake maneno "namba hazidanganyi". Hapo ndipo nilipokasirika. Hao ni marehemu, hawawezi kujitetea, na jedwali lenyewe linalotumika kuwashtaki ndilo linalowasafisha.

Namba alizotumia msimulizi ni za kweli, hilo nakubali. Ni zile za uchunguzi wa Uingereza ulioongozwa na Lord Mersey, ambao ripoti yake ilitoka Julai 1912. Watafiti wa baadaye wamezirekebisha kidogo, lakini picha haijabadilika. Hizi hapa:

| Kundi | Waliookoka | Waliokufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 203 | 122 | 325 |
| Daraja la pili | 118 | 167 | 285 |
| Daraja la tatu | 178 | 528 | 706 |
| Mabaharia | 212 | 673 | 885 |
| Jumla | 711 | 1490 | 2201 |

Msimulizi ameshuka na safu ya waliookoka kutoka juu hadi chini, akaona 212 ndiyo kubwa, akatoa hukumu. Kushuka na safu ile ni kujibu swali hili: nikimchukua mtu mmoja kati ya waliookoka, kuna uwezekano gani kwamba ni baharia? Jibu ni 212 kwa 711, karibu asilimia 30. Kwa daraja la kwanza ni 203 kwa 711, karibu asilimia 29. Kweli, mabaharia wanaongoza.

Lakini tuhuma haihusu hilo. Tuhuma ni kwamba baharia alikuwa na nafasi kubwa ya kupona kuliko abiria. Swali hilo linaanza na mtu ambaye tayari tunajua ni baharia, kisha linauliza kama aliokoka. Kwa hiyo tunatoka kwenye safu na kuingia kwenye mstari wa mabaharia, tukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, na namba ya kugawia si 711 tena bali ni 885. Wataalamu huandika P(aliokoka | baharia) = 212/885; P ni uwezekano, na kile kinachokaa nyuma ya mstari uliosimama ndicho sharti: watu tuliokubali kuwahesabu, wengine wote tumewaweka kando. Jibu ni asilimia 24. Fanya hivyo kwa daraja la kwanza, 203 kwa 325, unapata zaidi ya asilimia 62. Daraja la pili ni asilimia 41, la tatu ni 25. Mabaharia ndio wa mwisho kabisa.

Tazama jinsi ilivyo. Namba ni ileile, 212, haikuguswa. Kilichobadilika ni cha chini yake, na watu waliokuwa wa kwanza wamekuwa wa mwisho.

Mabaharia wanajaa kwenye safu ya waliookoka kwa sababu walikuwa wengi melini. Na tunaposema mabaharia tusiwafikirie wale wa sitahani peke yao. Humo wamo wachochezi wa makaa ya mawe, wapishi, wahudumu wa vyumba na wahandisi wa mitambo. Kati ya wahandisi hao hakuna hata mmoja aliyepona. Mabaharia wote pamoja walikuwa asilimia 40 ya watu wote waliokuwa melini. Na kuna kipimo chepesi ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya kabla ya kubonyeza "tuma": linganisha sehemu ya kundi katika watu wote na sehemu yake katika waliookoka. Mabaharia walikuwa asilimia 40 ya watu wa melini, lakini asilimia 30 tu ya waliookoka. Wamepungua. Daraja la kwanza walikuwa asilimia 15 ya watu wa melini na karibu asilimia 29 ya waliookoka. Kundi likiongezeka hivyo ndipo useme lilipata nafasi zaidi ya wengine.

Kosa hilihili tunalifanya nyumbani kila takwimu za simu zinapotoka. Tunasoma kwamba wengi wa wenye simu janja ni vijana, tunahitimisha kwamba vijana wana simu na wazee hawana. Kwetu vijana ni wengi mno, kwa hiyo watajaa katika kundi lolote. Chukua kata ya kubuni yenye vijana 900 na wazee 100, ambapo vijana 450 na wazee 60 wana simu. Kati ya wenye simu 510, vijana ni asilimia 88. Lakini ukiingia kwenye mistari, wenye simu ni nusu ya vijana na asilimia 60 ya wazee. Anayepanga kutuma taarifa za kliniki kwa simu anahitaji hesabu ya pili, maana ndiyo inayomwambia ni nani hatafikiwa.

Nirudi melini, kwa sababu kuna mtu ataniambia: sawa, lakini mabaharia na daraja la tatu wamekaribiana, 24 na 25, kwa hiyo walau hao walikuwa sawa. Hata hapo sikubali upesi. Amri iliyotolewa usiku ule ilikuwa wanawake na watoto kwanza, na mabaharia karibu wote walikuwa wanaume: wanawake 23 tu kati ya 885. Daraja la tatu lilikuwa na wanawake na wasichana 196. Ukiligawa jedwali kwa jinsia, wanaume mabaharia walipona 192 kati ya 862, asilimia 22, na wa kiume wa daraja la tatu, wavulana wakiwemo, walipona 88 kati ya 510, asilimia 17. Wanawake mabaharia walipona 20 kati ya 23, na wa daraja la tatu 90 kati ya 196, hata nusu hawafiki. Kila upande mabaharia wako mbele, lakini ukiwachanganya tena wanarudi nyuma, kwa sababu kundi lao limejaa wanaume, ambao nafasi yao ilikuwa ndogo popote walipokuwa. Ile 20 kwa 23 nisingeitegemea sana. Wangekufa wawili zaidi, asilimia 87 ingeshuka hadi 78.

Sasa, je, mwenye klipu anaweza kuishika hiyo tofauti ya 22 na 17 kwa wanaume na kusema ndiyo upendeleo wenyewe? Anaweza, na hiyo ingekuwa hoja ya kujadiliwa. Ila kila mashua ya uokoaji ilihitaji wapiga makasia, na maofisa waliwaamuru baadhi ya mabaharia waingie kwa kazi hiyo. Jedwali hili halina safu ya kutenganisha aliyeingia kwa amri na aliyejipenyeza. Hilo linatafutwa kwenye ushahidi wa mashahidi mbele ya Mersey, mashua kwa mashua, na klipu haikugusa hata moja.