Meseji Umefuta, Kibodi Bado Inakumbuka

Nina saiba hapa Kondele, Kisumu. Mwezi uliopita alikuja mama mjane, mteja wangu wa siku nyingi, akaketi bila kuomba kompyuta. Shemeji yake alikuwa amemwomba simu ili amtumie mtu ujumbe. Alipoandika "barua ya", kibodi ikampa neno "chifu" pale juu ya herufi. Lilipofuata neno "mirathi", shemeji alinyamaza, akamrudishia simu, na jioni hiyo simu kutoka kwa ndugu za marehemu zikaanza kuingia.

Mama alikuwa amefuta mazungumzo yote na wakili, na alidhani hilo linatosha. Yeyote aliyefuatilia mirathi anajua kwamba barua ya chifu inayowataja warithi ni miongoni mwa karatasi za kwanza kutafutwa. Maneno hayo mawili yalitosha kumwambia shemeji kila kitu.

Kibodi haisomi meseji zako ili ipate maneno hayo. Inayahifadhi kando, wakati unaandika, pamoja na mfuatano wake: neno gani hulifuata lipi. Ukifuta mazungumzo kwenye WhatsApp, hifadhi hiyo haiguswi. Sisi tunaochanganya Kiswahili na Dholuo tunaifundisha zaidi, maana maneno mengi hayamo kwenye kamusi yake, kwa hiyo inayachukua kutoka vidoleni mwetu, majina ya watu na ya vijiji yakiwemo.

Simu ya mama ilikuwa na Gboard, kibodi ya Google. Njia ya kwanza ni kubonyeza na kushikilia neno linalopendekezwa, kisha kuliburuta hadi kwenye pipa la taka linalotokea. Linaondoka neno hilo moja tu. Tuliliondoa "chifu", likabaki "mirathi", likabaki jina la wakili. Kwa siri inayoweza kumpotezea mtu shamba, mimi sishauri kuokota neno moja moja. Utasahau moja, na hilo moja ndilo litakalojitokeza mbele ya mtu.

Tuliingia kwenye Settings za kibodi yenyewe, Privacy, kisha Delete learned words and data. Inakuonyesha tarakimu na kukutaka uziandike ili kuthibitisha. Kuna gharama: kibodi inasahau pia jinsi unavyoandika Kiswahili chako, na kwa siku kadhaa itakusahihisha ovyo. Mama alisema afadhali hivyo.

Baada ya hapo tulipitia sehemu mbili ambazo kitufe hicho hakizifikii. Personal dictionary, iliyo chini ya Dictionary, ina maneno uliyoyaongeza mwenyewe kwa mkono. Na clipboard ya Gboard hutunza ulichonakili kwa saa moja hivi, isipokuwa ulichokibandika kwa pini, ambacho hukaa mpaka ukitoe. Mama alikuwa amebandika nambari ya kesi ili asiisahau.

Wakati wa kukagua, watu hukosea jambo moja. Wanaandika "barua ya chifu" nzima waone kama imesahaulika, na kwa kufanya hivyo wanaifundisha upya. Andika "barua ya" tu, acha nafasi, tazama mapendekezo matatu, kisha futa. Ukitaka kutafuta jambo la siri mtandaoni, fungua ukurasa wa Incognito kwenye Chrome. Gboard haijifunzi humo.

Lakini barua yenyewe ilichapwa kwangu, na hapo lawama ni ya sisi wenye saiba. Wengi hufungua File Explorer Options, wanabonyeza Clear chini ya Privacy, wanaridhika. Word ina orodha yake tofauti, wala haijali ulichofuta kule. Nilipofungua File, Open, Recent kwenye mashine aliyotumia, jina la faili yake lilikuwa pale, lenye jina la marehemu na neno "mirathi", ingawa faili yenyewe aliihamisha kwenye flashi. Jina pekee lilikuwa habari kamili kwa mteja aliyefuata. Bonyeza faili yoyote kwa kitufe cha kulia, uchague Clear unpinned items. Ikiwa kuna iliyobandikwa, itoe pini kwanza.

Kisha bonyeza Windows+V. Pale ambapo historia ya clipboard imewashwa, utaona hadi vitu 25 vilivyonakiliwa. Huondoka mashine ikizimwa na kuwashwa upya, ila vilivyobandikwa hubaki, na mashine za saiba hukaa zimewashwa kutwa nzima. Mimi nimeizima kabisa kwenye Settings, System, Clipboard, kwa mashine zote sita. Mteja akilipa, kabla hajainuka, namfungulia orodha ya Word tuisafishe pamoja, aone kwa macho yake jina la faili likiondoka.