Nani aliyekiri kosa?

Shuleni sentensi tata tulifundishwa kwa mpira: Juma alimpigia Asha mpira. Aliupiga kuelekea kwake, kwa niaba yake, au kwa faida yake? Unaandika maana zote, unapata alama, unakwenda mapumziko. Kwa mfasiri hakuna mapumziko. Kale kakiambishi -i- ka kauli ya kutendea, kanakogeuza “piga” kuwa “pigia”, kameshaninyima usingizi mara nyingi.

Juzijuzi, hapa Kariakoo, karani wa wakili mmoja aliniletea maelezo ya shahidi niyatie kwa Kiingereza. Gari lilikuwa limegonga geti la ghala. Ukurasa wa pili ulisema: “Mlinzi alimwandikia dereva barua ya kukiri kosa.”

Isome tena. Mlinzi anakiri kosa lake mwenyewe, na barua inakwenda kwa dereva? Au dereva ndiye anayekiri, mlinzi kashika kalamu tu? Kiswahili kinabeba yote mawili bila jasho. Kiingereza kinanidai nichague, na kila chaguo linamwelemea mmoja wao.

Huwa naandika tafsiri zote mbili kwanza, nizilaze pamoja. Zikiwa na athari ileile, siulizi. Kwa mfano, sikujua kama mlinzi ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinataka kujua, lakini nikirudia neno “mlinzi” nimemalizana nalo. Hili la barua halikwepeki: linahamisha lawama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Nikapekua kurasa nyingine. Barua haikutajwa tena wala kuambatishwa.

Nikampigia karani. “Dada, mbona iko wazi, mlinzi ndiye aliyekiri,” akanijibu. Kosa langu. Nilikuwa nimemuuliza sentensi ina maana gani, naye akachagua maana inayomfaa mteja wao, dereva. Isitoshe, maneno hayakuwa yake.

Swali zuri haliulizi sarufi, linauliza tukio, na anaulizwa aliyeliona. Nikaandika mawili, wakili ampelekee shahidi: Chini ya barua ile palikuwa na saini ya nani? Na barua alikabidhiwa nani? Sikutaja kukiri wala niaba, maana ukimpa mtu njia mbili atachukua ile iliyo karibu na mguu wake.

Jibu lilirudi kesho yake kwa maandishi. Dereva hajui kuandika, aliweka dole gumba, na barua alipewa meneja wa ghala. Kumbe barua haikuwa hata ya kwenda kwa dereva! Nikatafsiri kwamba mlinzi aliandika kwa niaba ya dereva, nikaweka tanbihi kuwa maneno ya asili yanakubali maana mbili na kwamba shahidi amefafanua. Jibu lisingepatikana, ningeweka maana zote mbili kwenye tanbihi, mahakama iamue.

Karani alipokuja kuchukua kazi aliisoma tanbihi amesimama mlangoni. Siku hiyo hakuniita dada.