Likizo kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye?

"Mume wangu kahamishiwa Mwanza. Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Dar, nimebakiza siku 18 za likizo. Nataka nikamsaidie kuhamia, niangalie na kazi za huko, nikirudi ndiyo niamue. Wenzangu wanasema huo ni ujanja, bora niache kabisa. Nifanyeje?"

Wanaoita hilo ujanja wana hoja moja nzito: ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja. Mwajiri anakupa ruhusa, anamwachia mtu vitabu kwa muda akijua unarudi, kisha unarudi na barua. Hapo ana haki ya kunung'unika.

Lakini kuacha kazi kwa sababu ya mji ambao hujalala hata usiku mmoja ni hasara yako peke yako. Mwalimu wa serikali anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza na ajira yake ikaendelea. Wewe wa kampuni yenye ofisi moja mlango huo huna. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina likizo ya kuhamisha mwenza, ila ina siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na hizo 18 ni masalia yake. Umezifanyia kazi, hakuna anayekupa sadaka.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani notisi inaweza kuliwa ndani ya likizo. Sheria inakataza: notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala haiendi sambamba na likizo. Tuseme unaondoka tarehe 1 Juni. Siku zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo, kwa hiyo tarehe 18 zimekwisha. Tarehe 19 uko mezani kwako. Ukiamua kuacha, barua unaitoa siku hiyo, na kwa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28: siku ya mwisho ni 16 Julai. Ina maana hata ukiamua kuondoka, mwajiri anabaki na karibu mwezi mzima wa makabidhiano ukiwepo. Huo ndio ujanja wanaousema?

Ukihitaji zaidi ya 18, hiyo ni likizo bila malipo, na inategemea hiari ya mwajiri. Ipate kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudi. Kupigia simu kutoka Mwanza kwamba "vyombo bado havijafika" hakutoshi. Kukosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha.

Kwenye barua ya kuomba, andika sababu yenyewe: namsaidia mume wangu kuhamia Mwanza. Usiandike mgonjwa, usiandike msiba. Usiahidi kwamba utabaki, kwa kuwa hujui. Na uchague tarehe baada ya kufunga hesabu za mwezi. Mimi ningekuwa bosi wako, hilo ndilo ningeliangalia kwanza.