Mato na macho: maelezo yanapoishia, sababu inapoanzia

"Umetuonyesha kwamba Unguja wanasema macho na Mombasa wanasema mato, na kwamba hali ni hiyo hiyo kwa maneno mengi. Hilo tunalijua tangu utotoni. Kwa nini imekuwa hivyo? Au kazi ya isimu ni kuorodhesha tu?"

"Kwani ni lazima kuwe na sababu? Si lugha hubadilika tu?"

Maswali haya mawili yaliulizwa mmoja baada ya mwingine mwishoni mwa mhadhara, na kila muulizaji alikuwa anampinga mwenzake bila kukusudia. Wa kwanza anaona kwamba maelezo bila sababu ni kazi nusu, na wa pili anaona kwamba sababu ni nyongeza tu juu ya maelezo. Kila mmoja ana haki yake, lakini haki hiyo haionekani mpaka tukubaliane kwanza maelezo yenyewe ni yapi, kwa sababu mengi yanayodaiwa kukosa sababu huwa bado hayajaelezwa sawasawa.

Tuanze na kanuni ambayo wengi huitoa haraka, kwamba "ch" ya Kiunguja huwa "t" katika Kimvita. Mifano ipo: kucheka ni kuteka, mchanga ni mtanga, chini ni tini, nchi ni nti, kuchinja ni kutinda. Hata hivyo kanuni hiyo ikichukuliwa kama ilivyo inaharibika mara moja, kwa kuwa Mombasa hakuna anayekula "takula" wala kulala katika "tumba". Chakula ni chakula na chumba ni chumba, na chai pia imebaki chai. Mtu anaweza kuyaita maneno haya matatu vighairi na kuendelea na safari yake, lakini hapo atakuwa amekosea katika maelezo kabla hata ya kufika kwenye sababu.

Ukweli unajitokeza tukiwasikiliza majirani. Wagiriama husema matso kwa macho, mutsanga kwa mchanga na tsi kwa nchi, lakini chakula wanakiita chakurya. Wangazija, walio mbali kabisa kusini baharini, nao husema matso. Kwa hiyo "ch" ya Kiunguja ni sauti moja iliyobeba asili mbili au zaidi. Ile ya macho, mchanga na kucheka inalingana na "ts" ya Kigiriama, na ndiyo peke yake inayolingana na "t" ya Mombasa. Ile ya chakula na chumba imetokana na kiambishi ki- cha ngeli kilipokutana na irabu, nayo ni "ch" kote kuwili. Ile ya chai imeingia na neno lenyewe kutoka nje, baada ya mabadiliko ya zamani kwisha. Hapo vighairi vyote vinatoweka, na kilichobaki ni ulinganifu wa sauti usioyumba.

Sasa tazama tulichokifanya. Hatujataja sababu hata moja, lakini tayari tunajua jambo ambalo mzungumzaji wa utotoni halijui kwa kusikia tu, na tunaweza kulitumia kubashiri: neno lenye "ts" kwa Kigiriama tutalitarajia lenye "t" katika Kimvita cha asili. Mchana, kwa mfano, ni mutsana kwa Wagiriama, na Mombasa ni mtana. Kwa hiyo namjibu muulizaji wa kwanza kwamba maelezo ya namna hii si orodha, kwani orodha haibashiri kitu.

Kuna jambo moja zaidi katika maelezo ambalo tahajia yetu imelificha. "T" ya mato si "t" ya tatu. Ya kwanza hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, na ya pili hutamkwa ulimi ukigusa ufizi nyuma ya meno. Mzee wa Mombasa akisema kuteka kwa maana ya kucheka, na kuteka kwa maana ya kuchota maji, anasema maneno mawili tofauti, ingawa shuleni yataandikwa kwa herufi zile zile. Majirani wanathibitisha tena: Wagiriama husema kutseka kwa kucheka na kuheka kwa kuchota maji, na tatu kwao ni hahu. "T" mbili za Mombasa zina historia mbili, na hazikuwahi kuchanganyika.

Hapa ndipo mlango wa sababu unapofunguka, na hapa pia ndipo watu hujikwaa. Kusema kwamba "ch ilibadilika ikawa t" si maelezo wala si sababu, bali ni kuugeuza ulinganifu wa leo kuwa tukio la jana. Hakuna ushahidi kwamba Wamombasa waliwahi kusema macho kisha wakaacha. Kinachoweza kutetewa ni kwamba lahaja zote mbili zilirithi sauti moja ya kale, ambayo wanaisimu huiandika kwa alama ya *c. Alama hiyo ni jina la kisanduku tu, si kinasa sauti. Wapo wanaoona kwamba ndani ya kisanduku mlikuwa na kitu kama "ch", na kwa hiyo Kiunguja ndicho kilichohifadhi, na wapo wanaoona kwamba katika hatua fulani ilikuwa "ts", kwa kuwa ndiyo tunayoikuta kwa Wagiriama na kwa Wangazija waliotengana nao muda mrefu. Upande wa pili una nguvu, lakini si nguvu ya mwisho, kwa sababu jamii mbili zaweza kufika mahali pamoja kila moja kwa njia yake.

Mimi naegemea "ts", angalau kwa upande wa kaskazini, na sababu yangu ni yale meno. "Ts" ni sauti ya sehemu mbili: ulimi huziba hewa mbele ya kinywa, kisha huiachia kwa msuguano. Msuguano ukififia, kinachobaki ni kule kuziba, na kwa kuwa kuziba kwenyewe kulikuwa mbele, "t" ya meno ndiyo tunayoitarajia. Kama mwanzo ungekuwa "ch" iliyopoteza msuguano wake moja kwa moja, tungetarajia sauti iliyo nyuma zaidi, karibu na kaakaa. Hata anayeamini kwamba asili ni "ch" atalazimika kuipitisha kwanza kwenye "ts" kabla ya kufika Mombasa.

Je, hiyo ni sababu? Ni sababu kwa kiasi, na kipimo changu ni kama inakataza jambo lolote. Inakataza. Inasema kwamba sauti yenye kuziba na msuguano ndani yake yaweza kuwa kipasuo cha meno, yaani sauti kama "t" au "d" inayozibwa kabisa kisha kuachiwa ghafla, lakini sauti isiyo na kuziba haiwezi kufuata njia hiyo. Tukienda Lamu tunaweza kulipima hilo. Huko njia ni ndia, njaa ni ndaa na kuvunja ni kuvunda, kwa "d" ya meno, na hilo linakubaliana, kwani baada ya nazali, yaani sauti ya puani kama "n", sauti hii huzibwa barabara. Lakini moja ni moya na kuja ni kuya, wala si "moda" na "kuda". Pale pasipo na nazali sauti ilikuwa dhaifu, karibu na "y", haikuwa na kuziba kunakoweza kubaki baada ya msuguano kufifia. Jambo moja la kinywani limeeleza t, nd na y kwa pamoja, na lingekuwa limeanguka kama Waamu wangesema "moda".

Siwezi kusema hayo juu ya sababu nyingine mbili zilizotolewa ukumbini. Ya kwanza ni kwamba Mombasa waliiweka "t" mpya menoni ili isigongane na "t" ya zamani, maana maneno yangechanganyika. Inavutia, na kuteka na kuteka ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Lakini Kiunguja kilifanya kinyume chake: sauti ya macho iliungana na sauti ya chakula, na hakuna aliyeizuia. Mtetezi atasema kwamba Unguja muungano haukuleta hasara, kwa sababu "ch" ya ki- hukaa katika viambishi vya ngeli tu, na hilo ni kweli. Hata hivyo akisema hivyo kila mara sauti zinapoungana, na akisema "waliogopa mchanganyiko" kila mara zisipoungana, hakuna matokeo yatakayomshinda. Sababu ya namna hiyo inafuata ukweli nyuma badala ya kuutangulia.

Ya pili ni athari ya majirani. Kidahalo, lugha ya Kikushi inayozungumzwa karibu na Lamu, hutofautisha vipasuo vya meno na vya ufizi, na ni halali kuuliza kama Waswahili wa kaskazini waliokota tofauti hiyo huko. Sikatai moja kwa moja. Huenda ujirani ulisaidia tofauti hiyo kudumu mahali ambapo ingeweza kupotea. Lakini ujirani hauelezi kwa nini "t" ya meno imekaa katika mato na kuteka na si katika tatu. Mgawanyo huo unafuata *c ya kale neno kwa neno, na jirani hawezi kukupangia maneno yako kwa kufuata historia asiyoijua.

Muulizaji wa pili sasa apewe haki yake, kwa sababu kuna mahali sababu zinakoma. Mwaka 1968 wanaisimu Uriel Weinreich, William Labov na Marvin Herzog walilitaja tatizo hili kinagaubaga: kwa nini badiliko fulani litokee katika lugha fulani kwa wakati fulani, lisitokee kwingine penye mazingira yale yale? Msuguano wa "ts" ungeweza kufifia Giriama, lakini haukufifia. Fonetiki inatuambia njia zipi zimefunguliwa, haituambii nani atazipita. Maandishi nayo hayatuokoi, kwa kuwa miswada ya kale iliyobaki ya tenzi za kaskazini ni ya karne ya 18, na kufikia hapo sauti ilikwisha kuwa "t".

Kijana mmoja aliuliza mwishoni kama "t" ya Mombasa sasa inarudi kuwa "ch", kwa kuwa vijana wengi wa huko husema macho na mchanga. Hapa maelezo yenyewe yanatosha kutuonyesha sababu ni ya aina gani. Badiliko la sauti kwa kawaida hupita katika maneno yote yenye sauti hiyo, bila kuchagua. Lakini kinachotokea Mombasa kinakwenda neno kwa neno: macho linashika kwa kuwa ni la kila siku na la vitabuni, wakati nti na mato yanaendelea kuishi katika mashairi na midomoni mwa wazee, na mtu yule yule aweza kusema mtele jikoni na mchele dukani. Huo si ulimi unaohama kutoka menoni, bali ni mkopo kutoka Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Sababu yake itafutwe shuleni, redioni na katika heshima ya lahaja moja juu ya nyingine, na anayeitafuta kinywani atakuwa ameuliza swali zuri mahali pasipo pake.