Yah: Kubadili Namba ya Simu, Kwa Mara ya Tatu

Leo nimeambiwa sipatikani. Nimeambiwa hivyo nikiwa nimesimama mbele ya anayeniambia, nimechomekea na shati nimepiga pasi.

Kisa chenyewe ni laini. Ya zamani ilisajiliwa kwa jina la shemeji. Simu ikaibiwa, na kurudishiwa laini lazima aende mwenye jina na kitambulisho chake. Mambo yangu na shemeji mnayajua. Nikasajili laini mpya kwa jina langu, kazini nikakaa kimya nusu mwaka. Hapo nakiri.

Barua ya kwanza kwa utumishi ilikuwa ya kiungwana: "Naomba kubadilishiwa namba ya simu, mpya ni hii." Chini nikapiga saini yenye mikia. Ikarudi. Dada wa masijala akaniambia majina kama yangu wapo watatu, mmoja ameshastaafu, kwa hiyo niandike namba ya utumishi na kitengo. Halafu namba ya zamani iko wapi? Nisipoitaja hawajui wafute ipi, wataiongeza mpya chini, na kila atakayenitafuta atapiga ya juu. Tena inaanza kutumika lini? Na mbona haikupitia kwa mkuu wangu? Alikuwa na hoja kila mahali, ila sikumpa raha ya kumwambia.

Ya pili niliivalia suti. "YAH: KUBADILI NAMBA YA SIMU KATIKA KUMBUKUMBU ZA MTUMISHI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Namba ya utumishi, kitengo, namba inayofutwa, namba inayoingia, tarehe ya kuanza, "kupitia kwa Mkuu wa Kitengo". Mkuu akaiatamia siku nne ndipo akasaini. Nikaipeleka, nikangoja wiki mbili, leo nikaenda kuulizia.

"Barua yako ipo," akasema yule kijana wa mafaili, "ila ilikwama. Tulikupigia tuhakiki, hupatikani."

"Mlipiga namba gani?"

"Iliyopo kwenye faili."

"Mdogo wangu, iliyopo kwenye faili ndiyo ninayoiombea ifutwe."

"Naelewa, mzee. Lakini hatuwezi kuifuta kabla hatujahakiki na wewe."

"Si mimi huyu? Hakiki!"

Akaniangalia usoni, akaangalia faili, akanyanyua simu ya mezani. Akapiga ile ya zamani, tena kwa spika, nisikie mwenyewe. Laini ikilala muda mrefu kampuni huigawa upya, nami nilikuwa nimeisahau hiyo sheria. Akapokea mama mmoja.

"Jamani nyie tena! Huyo mtu simjui. Lakini mkimwona mwambieni mshahara umeingia tarehe 25, na ule mkopo unammaliza."

Ofisi nzima ikainamia makaratasi. Kijana akaandika pembeni ya barua yangu, kwa kalamu nyekundu: *Hapatikani*.

Nikataka kulia. Kijana akanionea huruma, akasema basi nibadili mwenyewe kwenye mfumo, dakika mbili tu. Tukafungua. Mfumo ukasema umetuma tarakimu sita za uthibitisho. Umezituma wapi? Kwa mama! "Tumpigie akusomee," kijana akapendekeza. Nikakataa. Tarakimu hizo ndizo zinazofungua hati yangu ya mshahara, na mama yule tayari anaujua mkopo wangu kuliko mke wangu.

Hapo nikaomba karatasi. Ya tatu nimeiandika palepale kwa mkono, nikaongeza sentensi moja: "Uhakiki ufanyike kwa kitambulisho changu cha kazi, ambacho kivuli chake nimeambatanisha, namba ya zamani isipigwe, kwa kuwa inamilikiwa na mtu mwingine." Kijana akaisoma, akashangaa, akasema kumbe hiyo inatosha. Kumbe! Nakala mbili, zote zikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, moja yao, ninayo mfukoni, naipapasa kila hatua.

Nikiwa mlangoni akaniita: namba ya mtu wa dharura ina fomu yake, na benki na mfuko wa pensheni niende mwenyewe, barua hii haifiki huko. Nikachungulia nani nilimwandika wa dharura. Shemeji.

Sasa niko njiani, na hii laini mpya inaita. Kumbe nayo ilikuwa ya mtu. Wanamtafuta fundi mmoja aliyekula malipo ya awali ya kabati, nami nawaambia siye, nao wananiambia sauti yangu ni ileile. Wananiuliza milango ya kabati itakuja lini. Nimewaambia Jumanne.